Kutoka Mahojiano Hadi Hoja: Namna ya Kutia Alama Kauli Inayosimama kwa Mtu Mmoja

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye kikao cha kufunga ukaguzi katika kiwanda kimoja cha chai wilayani Mufindi. Kwenye rasimu ya ripoti nilikuwa nimeandika: "Wafanyakazi walieleza kuwa mizani ya kupokelea majani mabichi huchezewa." Meneja alisoma, akaiweka karatasi mezani, akauliza kwa upole, "Ndugu mkaguzi, wafanyakazi wangapi?"

Nikaanza kupekua nakala za mahojiano mbele ya watu wote. Aliyesema ameona kwa macho yake alikuwa mmoja. Wengine wawili, ambao nilikuwa nawakumbuka kama mashahidi, walikuwa wamesema tu kwamba wamesikia. Na kwa kuwa katika orodha ya waliohojiwa mtu aliyefika kwenye mizani kila siku alikuwa huyo huyo mmoja, kabla sijafunga faili meneja alishajua ni nani. Hoja ya mizani, ambayo huenda ilikuwa ya kweli kabisa, ikafutwa siku ile. Kwa sentensi moja nilikuwa nimeifanya sauti ya mtu mmoja ionekane ya wengi, na papo hapo nimeshindwa kumficha mwenye sauti.

Mwongozo huu unahusu kazi iliyo katikati: umekwisha kuhoji, mahojiano yameandikwa, na sasa unatakiwa kuzigeuza kurasa 60 au 80 kuwa hoja chache ambazo menejimenti itazijibu. Nitafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Nimeutunga, ila kila kipande chake nimewahi kukutana nacho kazini.

Mfano wetu

Ni shamba la parachichi wilayani Rungwe, upande wa Tukuyu, ambako mvua hainyeshi kwa masihara na dawa ya kopa ya kuzuia ukungu hupigwa mara kwa mara. Kikosi cha wapiga dawa kina watu saba wenye mabomba ya mgongoni. Ukaguzi umefanyika mwezi Mei, na swali ni kama wanapewa vifaa kinga, jambo ambalo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alitimize. Wamehojiwa watu sita: meneja wa shamba (M1), nyapara wa kikosi cha dawa (M2), wapiga dawa watatu (M3, M4 na M5) na mtunza stoo (M6). Haya ndiyo maneno yanayogusa filta za barakoa, pamoja na namba za aya:

M1, aya ya 5: "Utaratibu upo. Kila mpiga dawa anasaini daftari akipokea kifaa."

M2, aya ya 15: "Vifaa vinatolewa kwa wakati."

M3, aya ya 12: "Tangu mwezi wa pili hatujapewa filta mpya. Za zamani zimeziba, tunajifunga vitambaa." Aya ya 14: "Niliuliza, nyapara akasema stoo hakuna."

M4, aya ya 9: "Filta mpya sijaiona tangu mwezi wa pili, natumia ile ile ya zamani. Stoo hakuna, mwenzangu M3 aliuliza." Aya ya 22: "Siku ile nyapara alituambia tusaini tu daftari, vifaa vitakuja."

M5, aya ya 6: "Mimi nilianza mwezi wa nne." Aya ya 8: "Wenzangu wanasema stoo hazipo."

M6, aya ya 7: "Filta zilikuja kumi na mbili mwezi wa pili. Nikamkabidhi nyapara zote."

Mkaguzi mwenye haraka atafunga kazi hivi: "Wafanyakazi watatu walithibitisha kuwa hawapewi vifaa kinga na kwamba wasimamizi huwalazimisha kusaini daftari." Inasomeka vizuri, na karibu kila neno lake lina kasoro. Tutairudia baadaye.

Hatua ya kwanza: namba za aya na namba za watu

Kabla ya kufupisha chochote, kila nakala ipewe namba za aya na kila mhojiwa apewe namba badala ya jina. Orodha inayounganisha namba na majina ikae kwenye faili lake, lenye nywila, mbali na nakala. Tangu ilipokuja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kulinda taarifa za wahojiwa si hiari ya mkaguzi, lakini hata bila sheria ungezihitaji namba hizi kwa sababu ya kazi yenyewe. Huwezi kurudi kwenye chanzo cha kauli kama chanzo chenyewe ni "mahali fulani kwenye yale mahojiano ya mchana".

Andika pia juu ya kila nakala mahojiano yalifanyikaje. Mhojiwa alikuwa peke yake au wako kundi? Nani alitafsiri? Rungwe utakutana na mzee anayejieleza kwa Kinyakyusa, na mtu wa karibu kabisa wa kumtafsiria huwa ni mfanyakazi mwenzake, pengine nyapara mwenyewe. Ikiwa mkalimani mmoja aliwatafsiria watu wawili na maneno yao yakafanana sana, huenda unasoma maneno ya mkalimani mara mbili. Na mahojiano ya kundi chini ya mti, ambapo mmoja anaongea na wanne wanatikisa kichwa, kwangu ni sauti moja. Nikitaka ziwe tano, namwita kila mmoja pembeni.

Hatua ya pili: vunja maneno yawe kauli, jambo moja kila moja

Kauli ni jambo moja linaloweza kuwa kweli au si kweli lenyewe. Aya ya 12 ya M3 peke yake ina kauli tatu: hajapata filta mpya tangu Februari, filta za zamani zimeziba, watu wanajifunga vitambaa. Ukiziacha zimefungwa pamoja, kauli moja yenye mashahidi itazibeba nyingine ambazo hazina.

Hapa ndipo Kiswahili chenyewe kinapohitaji macho makali, na ndipo muhtasari mwingi huharibikia.

Kwanza ni "tu-". M3 anasema "tunajifunga vitambaa", lakini M4, wa kikosi hicho hicho, anasema anatumia filta yake ya zamani. Kwetu ni kawaida mtu kusema "tu" kwa heshima, kwa kujificha kidogo, au kwa kuwasemea wenzake. Hiyo "tu" haikuongezei shahidi. Andika kwamba M3 anajifunga kitambaa na kwamba amesema wenzake pia. Hao wenzake uwahesabu watakaposema wenyewe.

Pili ni nyakati za vitenzi. "Hatujapewa" ni hali inayoendelea hadi siku ya mahojiano. "Hatukupewa" ni tukio lililokwisha. "Alituambia tusaini" ni siku moja. "Huwa anatuambia" ni mazoea. Muhtasari ukigeuza "alituambia" kuwa "huwaambia", umemshtaki nyapara kwa desturi wakati mhojiwa alizungumzia siku moja.

Tatu ni vitenzi visivyo na mtendaji: "tuliambiwa", "tulikatwa", "ilisemekana". Vinapita masikioni bila kukwaruza, na ukivifupisha unajikuta umemweka mtendaji unayemdhania wewe. Kama nakala haisemi nani aliambia, kauli yako nayo isiseme.

Nne ni "ndiyo". Mhojaji akiuliza "Hukupewa filta?" na jibu likawa "Ndiyo", kwa wengi wetu maana yake ni "kweli, sikupewa". Mwingine atasema "Hapana" akimaanisha hivyo hivyo. Neno moja la namna hiyo lisihesabiwe kama shahidi. Tafuta sentensi nzima iliyotoka kinywani mwa mhojiwa, kama haipo, rudi ukamuulize upya kwa swali lisilo na jibu ndani yake: "Mara ya mwisho ulipokea filta lini?"

Na saa, kwa sababu nimeona jedwali zima likiharibika kwa ajili yake. Mtu akisema wanafanya kazi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tisa mchana, hizo ni 6:00 hadi 15:00. Aliyeandika 12:00 hadi 9:00 ameunda zamu ya usiku ambayo haipo.

Hatua ya tatu: fuata kila kauli hadi kwa mtu aliyeona

Hii ndiyo hatua inayobeba nyingine zote, na ndiyo inayorukwa. Watu wengi wanahesabu vinywa. Kinachotakiwa kuhesabiwa ni vyanzo: mtu aliyeona, aliyesikia akiambiwa yeye mwenyewe, au aliyefanya.

Chukua kauli kwamba stoo haina filta. Vinywa ni vitatu. M5 anasema wenzake ndio wasemao. M4 anasema mwenzake M3 aliuliza. M3 tunamkuta kwenye aya ya 14: hakufika stoo, alimuuliza nyapara, na nyapara ndiye aliyesema stoo hakuna. Kwa hiyo vinywa vitatu vimetoka kwenye kinywa kimoja, cha M2. Na M2 mwenyewe, ukisoma nakala yake yote, hakuulizwa hata mara moja kama alisema maneno hayo. Mtunza stoo naye anasema filta zilikuja na zikatoka. Kauli iliyoonekana kuwa imara kuliko zote ndiyo dhaifu kuliko zote.

Sasa chukua ile kwamba wapiga dawa hawajapata filta mpya tangu Februari. M3 anaeleza hali yake. M4 anaeleza hali yake, kwa maneno yake, na anatofautiana na M3 kwa jambo dogo: yeye bado ana filta ya zamani. Tofauti hiyo ndogo inanipa imani kwamba hawakuketi pamoja kupanga la kusema. Hapa vyanzo ni viwili kweli. M5 hawezi kuongezwa, maana mwezi Februari hakuwepo.

Fungua jedwali lenye safu nne: namba ya kauli, mhojiwa, aya, na chanzo. Safu ya chanzo ujaze namba ya mtu aliyeona, hata kama aliyesimulia ni mwingine. Chanzo kisipojulikana, kama kwa M5 anayesema "wenzangu", acha kisanduku kitupu. Usijaze kwa kubahatisha. Kwa mfano wetu linakuwa hivi:

```
A    B    C    D
K1   M3   12   M3
K1   M4   9    M4
K2   M3   14   M2
K2   M4   9    M2
K2   M5   8
K3   M4   22   M4
K4   M6   7    M6
K5   M3   12   M3
```

K1 ni kutopata filta mpya, K2 ni stoo kutokuwa na filta, K3 ni kuambiwa wasaini, K4 ni makabidhiano ya filta 12, K5 ni vitambaa. Ukitumia Google Sheets na data yako ikianzia mstari wa 2, weka hii kwenye E2 kisha uivute chini:

```
=COUNTUNIQUE(FILTER(D$2:D$60,A$2:A$60=A2))
```

Itahesabu vyanzo tofauti vya kila kauli na kuviacha visanduku vitupu. K1 itasoma 2, nyingine zote 1. Kwa mahojiano sita unaweza kuhesabu kwa kidole. Yakifika ishirini, kidole kinachoka na jicho linaanza kuona mashahidi ambao hawapo.

Ongeza safu moja ya mwisho, ya waliosema kinyume, walioulizwa wakasema hawajui, na ambao hawakuulizwa. Usiwachanganye hao watatu. K3 imetoka kwa M4 tu, lakini M4 alisema "alituambia", maana yake wengine walikuwepo. M3 hakulisema hilo. Ukirudi kwenye nakala unaona hakuulizwa kabisa. Kunyamaza kwa mtu ambaye hakuulizwa hakumpingi wala hakumuungi mkono mwenzake.

Nyaraka: shahidi wa pili ni yule ambaye si mhojiwa huyo huyo

Kadi ya stoo inaonyesha filta 12 zimetoka kwenda kwa nyapara. Je, K4 sasa ina vyanzo viwili? Tazama nani aliijaza kadi. Kama ni M6 na hakuna saini ya mpokeaji, ni M6 anajiunga mkono mwenyewe kwa kalamu. Chanzo kinabaki kimoja. Hati ya mapokezi ya muuzaji ni kitu kingine: inathibitisha kwamba filta 12 ziliingia. Haisemi chochote kuhusu zilikokwenda baada ya hapo.

Daftari la vifaa ndilo lenye uhondo. Lina saini saba za tarehe 18 Februari, na moja iko kwenye jina la M5. M5 amesema alianza Aprili, na mkataba wake, uliotunzwa ofisi ya utumishi, unaanza tarehe 2 Aprili. Tena barakoa zao hutumia filta mbili kila moja. Filta 12 zinatosha barakoa sita, na saini ni saba.

Angalia kwa makini hapa nyaraka zimethibitisha nini. Zimethibitisha kwamba daftari lina angalau saini moja isiyoweza kuwa ya kweli kwa tarehe hiyo. Hazijathibitisha kwamba nyapara aliagiza. Ni rahisi sana kuvuta uzito wa daftari na kuuweka juu ya kauli ya M4, kwa kuwa vinaelekeana. Vitenganishe. Kauli ya daftari inasimama kwa nyaraka. Kauli ya agizo bado inasimama kwa M4 peke yake.

Hatua ya nne: tia alama

Nimewahi kutumia rangi tano, nikatumia nyota, nikatumia asilimia za uhakika nilizojipimia mwenyewe. Hakuna aliyezisoma. Sasa natumia alama moja tu, [MMOJA], kwa kauli yenye chanzo kimoja, na inakaa mwisho wa sentensi yenye kauli hiyo, kamwe si mwisho wa aya. Ikikaa mwisho wa aya msomaji hajui inagusa sentensi ipi, na mhariri akikata aya katikati alama inapotea.

Alama haisemi kwamba mhojiwa anasema uongo. Kuna mambo ambayo kwa asili yake huwa na shahidi mmoja: rushwa iliyoombwa ofisini mlango ukiwa umefungwa, au msimamizi aliyemtaka binti kimapenzi ili ampe zamu. Ukiyatupa kwa sababu hayana wa pili, umewaambia wanaofanya hivyo waendelee kufunga milango. Yaandike, yatie alama, na yapeleke kwenye njia ya malalamiko yenye watu wa kuyachunguza kwa siri, badala ya kuyaacha yapotee kwenye jedwali la vifaa kinga.

Kwa sababu hiyo hiyo chagua kitenzi chako. Siandiki "alidai" kwa mfanyakazi na "alieleza" kwa meneja; msomaji wa Kiswahili anasikia tofauti hiyo mara moja. "Alithibitisha" nalibakiza kwa nyaraka, na "alikiri" silitumii kabisa. Kwa wote ni "alisema". Alama ndiyo ifanye kazi ya kupima, kitenzi kisiisaidie kwa siri.

Na kauli za wakubwa zitiwe alama vile vile. "Vifaa vinatolewa kwa wakati" ni kauli ya M2 peke yake. "Kila mpiga dawa anasaini akipokea" ni ya M1 peke yake, na daftari linaikataa. Ripoti inayotia alama kwa vibarua na kuziacha kauli za meneja zitembee bila alama imeshaamua nani wa kuaminiwa.

Hatua ya tano: andika hoja

Turudi kwenye ile sentensi ya haraka. "Watatu" ni wawili. "Walithibitisha" ni walisema. "Vifaa kinga" ni filta tu. Hakuna aliyezungumzia glavu, ovaroli wala gambuti. "Wasimamizi" ni nyapara mmoja. "Huwalazimisha" ni siku moja ya kuambiwa. Tukiandika upya inakuwa:

"Wapiga dawa wawili, kila mmoja akieleza hali yake, walisema hawajapokea filta mpya za barakoa tangu Februari. Hati ya mapokezi inaonyesha filta 12 ziliingia stoo mwezi huo. Mtunza stoo alisema alizikabidhi zote kwa nyapara [MMOJA]. Daftari la vifaa lina saini saba za tarehe 18 Februari, ikiwemo moja kwenye jina la mfanyakazi ambaye mkataba wake unaanza tarehe 2 Aprili. Mhojiwa mmoja alisema kuna siku nyapara aliwaambia wasaini daftari kabla vifaa havijafika [MMOJA]. Nyapara alisema vifaa hutolewa kwa wakati [MMOJA]. Hakuulizwa kuhusu filta za Februari wala saini za daftari."

Ni ndefu kidogo kuliko ile ya kwanza. Kauli ya stoo kutokuwa na filta sikuiingiza, kwa sababu chanzo chake ni nyapara ambaye hajaulizwa. Nimeiweka kwenye maswali ya kurudia. Vitambaa navyo nimeviacha kwenye jedwali, maana hoja inasimama bila hivyo.

Nimeandika "alisema ... [MMOJA]" bila namba ya mhojiwa wala namba ya aya. Namba zinabaki kwenye nakala ya kazi. Kwenye kikosi cha watu saba, "M4" inajulikana ni nani kabla chai haijapoa, hasa menejimenti ikiwa ndiyo iliyowapangia zamu ya kuja kuhojiwa. Kiswahili kinatusaidia hapa, kwa kuwa "alisema" haitaji mwanamume wala mwanamke. Usiiharibu kwa kuandika "mama mmoja mpiga dawa". Usinukuu neno kwa neno pia. Kila mtu ana namna yake ya kusema, na "vifaa vitakuja" huenda nyapara anakumbuka alimwambia nani.

Hata hivyo, alama yenyewe inaweza kumfichua mtu. Mtunza stoo ni mmoja, na kila mtu anajua. Kwake niliuliza kabla ya kuondoka kama kauli ya makabidhiano inaweza kuandikwa kwa cheo chake. Asingekubali, ningeishia kwenye hati ya mapokezi. Kwa M4 kuna njia bora zaidi: futa sentensi yake kabisa kwenye ripoti ya menejimenti, uone kama hoja bado imesimama. Imesimama, kwa sababu mkataba na daftari vinatosha kudai maelezo. Basi kauli yake iende kwenye kiambatisho cha siri. Ukiona hoja inaanguka bila mtu mmoja ambaye hukuweza kumficha, hiyo hoja haijaiva kwenda kwa menejimenti. Tafuta nyaraka, au mtu wa pili, au ruhusa yake.

Hatua ya sita: linda alama isidondoke njiani

Alama hufa kwenye muhtasari wa ukurasa wa kwanza. Mkuu wako anataka mistari mitatu, unaandika "daftari husainiwa bila vifaa kutolewa kwa agizo la msimamizi", na kazi yote ya jedwali imeyeyuka. Sheria yangu ni hii: kauli yenye [MMOJA] haiingii ukurasa wa kwanza bila maneno "kwa maelezo ya mhojiwa mmoja" ndani ya sentensi hiyo hiyo. Kwa maneno, kwa sababu kwenye slaidi na kwenye barua mabano huwa ya kwanza kukatwa.

Rasimu ikishakamilika, tafuta ndani yake maneno "wafanyakazi", "walisema", "ilielezwa", "inaonekana" na "mara nyingi". Kila unapolikuta mojawapo, rudi kwenye jedwali uhesabu vyanzo. Halafu mpe mwenzako ambaye hakuhoji sentensi kumi kutoka kwenye ripoti pamoja na nakala, umwombe atafute kila moja ilikotoka. Asipoipata kwa dakika chache, tatizo liko kwenye sentensi yako. Asiwe mliyehoji naye pamoja. Huyo anakumbuka sura na sauti za watu, na kumbukumbu yake itajaza mapengo ambayo karatasi haijayajaza.

Kurudi shambani

Alama zako ndizo orodha ya maswali ya safari ya pili. Kwa shamba letu ni matatu. Kwa M3 na wapiga dawa wanne ambao hawakuhojiwa, mmoja mmoja: "Nieleze siku uliyosaini daftari la vifaa ilivyokuwa." Usimtaje nyapara, usitaje kwamba kuna aliyesema. Kwa M2: "Filta za mwezi wa pili zilikufikiaje, na ulizigawaje?" Kwa M6: omba hati ya kutolea yenye saini ya mpokeaji.

Wapiga dawa wawili wakieleza siku ile kwa namna yao na wote wakamtaja aliyewaambia wasaini, K3 inaondolewa alama, na kwenye jedwali unaandika tarehe na namba za aya mpya. Wakisema walisaini wakiwa wamepokea, hilo nalo linaandikwa, na kauli ya M4 inabaki ilivyo, na alama yake, pamoja na idadi ya waliosema kinyume. Ukikuta M3 na wenzake wanne wanatoa sentensi moja, neno kwa neno, andika hivyo pembeni ya jedwali: kati ya safari ya kwanza na ya pili, kuna mtu amepita kuzungumza nao.